Mtoto wa miezi 10 hana chanjo ya surua: kampeni ya Alhamisi au randevu ya kliniki?

#1 Mama_Kapinga
Jambo wote. Tuko Lubumbashi, komini ya Katuba. Mtoto alizaliwa tarehe 3 Mei, kwa hiyo ametimiza miezi 10 wiki hii. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zote zimeandikwa kwenye kadi. Za miezi 9 hazikufanyika, nafasi ya VAR, yaani surua, na ya VAA, yaani homa ya manjano, ziko wazi. Reko, yule mhamasishaji wa afya wa mtaa, amepita na kutangaza kampeni ya surua Alhamisi tarehe 12 Machi, bure, kwenye uwanja wa shule. Upande mwingine tuna randevu kwenye kliniki ya binafsi tarehe 24 Machi, na wamesema watampa ROR na homa ya manjano siku hiyohiyo. Baba yake anataka kliniki, mimi naona kampeni iko karibu. Tuende wapi? Au tuende kote kuwili?

#2 PapaRuashi
Mama, kliniki. Hakuna foleni, mtoto anapimwa vizuri kwanza, na dawa yao inatoka Ulaya, ina nguvu kuliko hii ya bure. Tena ROR inazuia magonjwa matatu kwa sindano moja: surua, matubwitubwi na rubela. Kwa nini umsimamishe mtoto juani?

#3 Reko_wa_Kenya
Papa Ruashi, neno la nguvu hapana. Chanjo ya serikali nayo inaagizwa nje, nyingi inatoka India, na kabla ya kufika huku imekubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Surua ya chanjo ni ileile. Kwa rubela na matubwitubwi hapo uko na haki.
Mama Kapinga, lete mtoto Alhamisi, lete na kadi. Akishachomwa VAR imeisha, unabaki na homa ya manjano tu, hiyo ukaitafute kwa nafasi yako.

#4 Frigo_2_8
Kabla ya kubishana mahali, tazameni tarehe. Hapo ndipo mtego ulipo.

Kutoka 12 Machi mpaka 24 Machi ni siku 12. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ya homa ya manjano vilevile. Kanuni ya chanjo hai za sindano ni hii: ama zote mbili siku moja, kila moja mkono wake, ama ziachane wiki 4. Katikati hapo, hapana. Mwili ukiwa bado unapambana na ile ya kwanza unaweza kuizima ya pili kabla haijafundisha kinga. Mtoto hataonyesha dalili yoyote kwamba imezimwa. Kadi itajaa, kinga itakuwa na pengo, na hakuna atakayejua.

Kwa hiyo Mama Kapinga akipokea surua Alhamisi, ile randevu ya tarehe 24 haifai tena kwa ROR wala kwa homa ya manjano. Tarehe ya mapema kabisa inakuwa 9 Aprili. Na akisubiri kliniki, anakaa siku 12 zaidi bila kinga ya surua, wakati kampeni yenyewe mara nyingi huitishwa kwa sababu surua inazunguka.

Kwa Reko: "VAR imeisha" siyo hivyo. Dozi ya kampeni ni ya nyongeza. Ile ya kwenye kadi bado anaidai, wiki 4 zikishapita.

#5 Reko_wa_Kenya
Mukubwa Frigo, kwa wiki 4 nakubali. Kwa kadi sikubali. Kwenye vituo vingine muuguzi anaandika tarehe ya kampeni palepale kwenye nafasi ya VAR, na mtoto anahesabiwa amepata. Mama akirudi mwezi ujao wanamwambia tayari, rudi kwa miezi 15.

#6 Frigo_2_8
Najua wanafanya hivyo. Mtoto akiwa ameshafikisha miezi 9, dozi yenyewe ni halali kwa mwili, haina kasoro. Shida ni nyingine. Akichanjwa akiwa na miezi 9, watoto kama 85 kwa 100 ndio wanaopata kinga. Akiwa na miezi 12 na zaidi, wanafika 95. Ndiyo maana dozi inayofuata haipaswi kupotea kwa sababu ya mwandiko. Dozi ya ziada ya surua haimdhuru mtoto, lakini iliyokosekana inaweza kumdhuru. Nikiwa na shaka, naongeza.

Na kampeni ikianzia miezi 6, dozi ya mtoto wa miezi 6, 7 au 8 haihesabiwi kabisa. Hiyo inabidi iandikwe pembeni, kamwe isiwe kwenye nafasi ya VAR.

#7 Mama_Kapinga
Asante. Sasa nimeelewa kwamba "kote kuwili" haiwezekani kwa tarehe hizi. Je, kuna njia ya kupata zote mbili siku moja bila kusubiri Aprili?

#8 Mzazi_Kamalondo
Samahani, mimi nachanganyikiwa. Mwezi uliopita walipita nyumbani wakampa mtoto wangu matone mawili mdomoni, wakampaka wino kwenye kidole. Ina maana hawezi kuchomwa surua Alhamisi mpaka wiki 4 ziishe?

#9 Frigo_2_8
@Mzazi_Kamalondo hayo ni ya polio. Ni chanjo hai nayo, lakini inapita tumboni, haimo kwenye kanuni ya sindano. Inaweza kutolewa siku ileile, juzi au kesho. Mlete Alhamisi bila wasiwasi. Wino wa kidole hausemi chochote kuhusu surua, na msikubali mtu aseme "huyu ana wino, ameshapata" kabla ya kuuliza ni wa kampeni gani.

@Mama_Kapinga njia ziko mbili, zote ni kupitia kituo chako cha afya.

Ya kwanza: tafuta siku ya CPS, yaani kikao cha kupima na kuchanja watoto, kabla ya Alhamisi. Wakiwa na kikao Jumanne tarehe 10, mtoto anapata VAR na VAA pamoja, na ile ya polio ya sindano ambayo kwenye ratiba inarudiwa miezi 9. Alhamisi ukifika na kadi yenye tarehe ya juzi, waonyeshe. Kampeni inachoma hata waliochanjwa zamani, lakini aliyepata surua ndani ya wiki 4 anaachwa. Usipoonyesha kadi watamchoma, kwa sababu hawawezi kujua.

Ya pili: Alhamisi asubuhi surua kwenye uwanja wa shule, halafu siku hiyohiyo homa ya manjano kituoni. Maadamu ni siku moja, haijalishi ni majengo mawili. Ila uulize kwanza. Wiki ya kampeni wauguzi wengi wako viwanjani, na vikao vya kawaida mara nyingi vinasimama.

#10 Dada_BelAir
Hiyo ya kuchanganya siku moja mimi siikubali sana kwa ROR. Brazil walichunguza watoto waliopewa ROR na homa ya manjano siku moja, wakaona kinga ya homa ya manjano, rubela na matubwitubwi imepungua kulinganisha na waliotenganishwa. Kule kwa mtoto wa chini ya miaka 2 wanaacha siku 30. Sasa kliniki ya Mama Kapinga imepanga ROR na homa ya manjano tarehe 24, zote mbili. Hapo Frigo unasema nini?

#11 Frigo_2_8
Nasema umesema kweli, na bado ningechoma siku moja. Katika uchunguzi huohuo kinga ya surua yenyewe haikushuka, na surua ndiyo inayoua haraka. Mlipuko wa 2018 hadi 2020 hapa nchini uliua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kanuni ya kutenganisha inafaa mahali ambapo una hakika mama atarudi siku ya 30 na atakuta dawa ipo.

#12 Dada_BelAir
Lakini Mama Kapinga anarudi. Kadi yake imejaa mpaka wiki 14. Usimpangie kama mtu ambaye atapotea. Kwa mtoto kama huyu, surua Alhamisi na homa ya manjano 9 Aprili ni mpango mzuri kuliko kukimbia vituo viwili siku moja.

#13 Mwalimu_Golf
Mimi nauliza jambo la upande wa kliniki. Mtu akiwa na randevu ya mtoto mmoja, saa aliyochagua mwenyewe, je kichupa kinafunguliwa kwa ajili yake tu? Nimesikia cha surua kina dozi 10.

#14 Frigo_2_8
Mwalimu, swali lako ndilo ambalo kila mzazi anapaswa kulipeleka kliniki.

Kliniki za binafsi ziko za aina mbili. Chache zinaagiza zenyewe vichupa vya dozi 1, kama ROR. Hizo zinafunguliwa kwa mtoto mmoja na mnalipa bei yake. Nyingine zinachukua chanjo kwenye ofisi ya zoni ya afya, yaani ni ileile ya bure, na hapo mnacholipia ni kadi, kupimwa na kiti cha kukalia. Hizo za zoni ni za dozi 10.

Chanjo ya surua inakuja kama unga mkavu. Unachanganywa na maji yake, mililita 5 kwa dozi 10, na kila mtoto anapata nusu mililita chini ya ngozi ya mkono. Ikiwa kavu na kwenye baridi inadumu. Ikishachanganywa haina dawa ya kuzuia vijidudu, kwa hiyo mwisho ni masaa 6 au mwisho wa kikao, chochote kitakachotangulia, kisha kilichobaki kinatupwa. Homa ya manjano ni hivyohivyo.

Sasa fikiria kliniki ndogo yenye mtoto mmoja. Ina njia tatu. Kufungua na kutupa dozi 9. Kumwambia mama arudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Au kufungua, kumchoma mmoja, kisha kurudisha kichupa kwenye frigo mpaka kesho. Hiyo ya tatu ndiyo hatari. Vijidudu vinazaa ndani ya kichupa, na mtoto wa kesho anapata homa kali, kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa namna hiyo. Sindano moja ya kuchanganyia ilitumika siku nne, na dawa haikuwekwa kwenye baridi. Ile ilikuwa kampeni, siyo kliniki, kwa hiyo msidhani kosa hili lina upande.

#15 PapaRuashi
Hapo umenisaidia hoja yangu! Kampeni yenyewe ndiyo iliyoua. Kwenye uwanja wa shule meza iko juani, watu wanasukumana, nani anahesabu masaa 6?

#16 Reko_wa_Kenya
Papa, sikiliza namna inavyokwenda. Siku ya kampanye, kichupa cha dozi 10 hakimalizi saa moja, mara nyingi ni dakika tu, maana watoto wanafuatana. Wanaofika masaa 6 ni wale wa mtaa wenye watu wachache, na wa jioni wakati foleni imekauka. Hapo ndipo kwa kuangalia.
Kichupa kilichofunguliwa kinakaa kwenye tundu la sponji, juu ya termosi yenye barafu. Hakikai mezani. Ukiona kiko mezani, jua limekipiga, mwambie muuguzi kwa heshima akirudishe, na mtoto wako aanze na kichupa kingine. Siyo dharau. Na wale wauguzi wanachoka, mama akikumbusha kwa upole wanashukuru.

#17 Frigo_2_8
Reko amesema vizuri. Niongeze sababu: ikishachanganywa, dawa ikikaa kwenye joto la 20 hivi, kwa saa moja nguvu inapungua nusu. Kwenye joto la 37 kwa saa moja inakaribia kuisha yote. Papa Ruashi, kwa hiyo jua unalolisema ni hoja ya kweli, ila dawa iliyokufa kwa jua haimtii mtoto sumu. Inamchoma maji. Vijidudu ndivyo vinavyotia sumu. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Popote mtakapokwenda, uwanjani au kliniki, angalieni mambo manne kabla ya kukunja mkono wa mtoto. Kwenye lebo ya kichupa kiwe kimeandikwa saa kilipofunguliwa. Kikiwa na 8:15, mwisho wake ni 14:15. Maji ya kuchanganyia yawe ya mtengenezaji yuleyule wa unga, na yawe yamepoa kabla ya kuchanganywa. Sindano itolewe kwenye karatasi yake mbele yenu, ile inayojifunga yenyewe baada ya kusukumwa mara moja, kisha iingie kwenye boksi la kutupia bila kufunikwa tena. Na ile alama ya joto, mraba ndani ya duara: mraba uwe mweupe kuliko duara. Ukilingana rangi au ukiwa mweusi zaidi, dawa imekufa. Kwenye surua alama hiyo iko juu ya kifuniko, kwa hiyo inatoka kikifunguliwa. Ombeni kuiona kabla.

#18 Mwalimu_Golf
Na kliniki yenye frigo kubwa lakini umeme unakatika kila siku?

#19 Frigo_2_8
Frigo nzuri ya chanjo inahimili masaa mengi ikibaki imefungwa. Ya nyumbani, ile ya kuwekea soda, haihimili. Omba kuona karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni. Inajazwa asubuhi na jioni, hata Jumapili, na namba ziwe kati ya 2 na 8. Namba zote zikiwa 5, 5, 5 mwezi mzima kwa kalamu moja, wameijaza siku moja.

#20 Kasumbalesa_Moja
Huku kwetu wengine wanavuka kuchanja Zambia. Kule miezi 9 wanatoa surua na rubela pamoja, wanarudia miezi 18. Ila homa ya manjano haimo kwenye ratiba yao ya watoto, na ukirudi mpakani wanaweza kukuuliza kitabu cha manjano kwa mtoto aliyefikisha miezi 9. VAA iliyo kwenye kadi ya CPS siyo kitabu. Kitabu kinatolewa na ofisi ya usafi wa mipaka, na kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Mama Kapinga kama ana safari, aanze kuhesabu kutoka hapo.

#21 PapaRuashi
@Kasumbalesa_Moja hata mtoto mchanga? Sisi tuliambiwa wanauliza wakubwa tu.

#22 Kasumbalesa_Moja
Chini ya miezi 9 hapana. Kuanzia miezi 9, ndiyo. Yule unayesema pengine alikutana na askari mwenye huruma.

#23 Mama_Kapinga
Sina safari, asante yaya. Nimepiga simu kliniki, nikauliza kama Frigo alivyosema. Ni hivi: ROR yao ni ya dozi 1. Homa ya manjano ni ya zoni, ya dozi 10, wanafungua wakipata watoto wasiopungua 6, na randevu ya tarehe 24 wamewaita 4 tu. Kwa hiyo hata wao hawana hakika. Kituo chetu nacho hakina kikao wiki hii, wote wako kampeni. Wanarudi Alhamisi ya baada ya hapo, tarehe 19.

#24 Frigo_2_8
Basi tarehe 24 ingeweza kuishia na ROR peke yake, na homa ya manjano isogezwe mpaka mwisho wa Aprili. Tarehe 19 ni siku 7 baada ya kampeni, kwa hiyo usikubali VAA siku hiyo hata wakikupa. Nenda kwa ile ya polio ya sindano tu, hiyo si hai, haina masharti ya kusubiri.

Ningefanya hivi: surua tarehe 12, kadi ya kampeni ibanwe kwa pini kwenye kadi ya CPS. Tarehe 19 polio ya sindano. Tarehe 9 Aprili au kikao cha kwanza baada yake, VAA na VAR siku moja, mikono miwili. Kliniki muhamishe randevu yao iwe kuanzia tarehe 7 Mei, akiwa na mwaka, ROR ifanye kazi vizuri zaidi. Bado itakuwa imepita wiki 4 kama 9 Aprili haikusogea. Ikisogea mpaka 16 au 23 Aprili, ROR nayo isogee.

Homa ikija kati ya siku ya 5 na ya 12 baada ya surua, na vipele vidogo, ni chanjo inafanya kazi. Homa kali siku ileile ni jambo jingine, mpelekeni.

#25 Dada_BelAir
VAR ya 9 Aprili ya nini kama ana ya kampeni tarehe 12 Machi na ROR inakuja Mei? Hizo ni surua tatu ndani ya miezi miwili. Aprili ampe VAA peke yake, ROR ya Mei iwe ndiyo dozi ya pili. Hapo na ile hoja ya Brazil inatulia, zimetengana.

#26 Frigo_2_8
Mwilini mpango wako ni sawa. Kwenye daftari la kituo atabaki mtoto asiye na VAR, na watamtafuta.

#27 Dada_BelAir
Wamtafute. Atawaonyesha kadi.

#28 Reko_wa_Kenya
Mimi ndiye nitatumwa kumtafuta 😄 Mama Kapinga, hiyo utachagua na muuguzi wako. Jambo lingine: Alhamisi pengine watatoa na vitamini A. Mtoto wako wa miezi 10 ni kidonge cha buluu, kile chekundu ni cha mwaka na kuendelea. Kama kliniki ilimpa ndani ya mwezi uliopita, sema, asirudiwe.

#29 Mama_Kapinga
Hakupewa. Baba yake amekubali Alhamisi. Kwa VAR ya Aprili bado anamuunga mkono Dada BelAir.

#30 Mzazi_Kamalondo
Na mwenye mafua? Wangu anakohoa tangu jana, hana homa.

#31 Reko_wa_Kenya
Mlete. Kikohozi na mafua havizuii. Fika mapema kabla foleni haijawa ndefu.